Maandishi Mekundu Yanayovuja: Mwongozo Kamili wa Kusafisha Rangi za Maandishi Kwenye Runinga Unayoitumia kama Monita

Shemeji yangu ni wakala wa forodha hapa Mombasa. Ofisi yake ni chumba kimoja ghorofani karibu na Barabara ya Moi: feni, mafaili, na runinga ya inchi 43 ya 4K aliyoinunua ili orodha yake nzima ya makontena ikae mbele ya macho bila kuisogezasogeza. Usiku mmoja alinipigia simu. "Shemeji, hebu pita unitazamie hii runinga. Sijui ni macho yangu ama ni nini. Hii namba hapa, ni sita au nane?"

Nilipofika nilikuta ameiweka orodha juu ya mandhari meusi ili mwanga usimchome usiku. Mistari ya kawaida iliandikwa kwa rangi nyeupe, na makontena yaliyomaliza siku za kukaa bandarini bila malipo yaliandikwa kwa rangi nyekundu. Maandishi meupe yalikuwa makali kama yamechongwa. Yale mekundu yalikuwa kama wino uliodondoka kwenye karatasi iliyolowa: kingo zimetanuka, matundu ya nane yamejaa wekundu wa giza, sita na nane zimefanana. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na kosa la tarakimu moja linatosha kurudisha hati nyuma. Tena alikuwa ameshanunua kebo mpya ya HDMI, ya bei, kwa sababu muuzaji alimhakikishia kwamba tatizo ni kebo. Hakikubadilika kitu.

Kebo haikuwa na kosa, wala macho yake. Rangi ilikuwa ikipunguzwa njiani kabla ya kufika kwenye kioo, na ilipunguzwa mara mbili, mahali pawili tofauti. Nitaeleza namna ya kulitambua tatizo hili, namna ya kujua linatokea wapi, na namna ya kuliondoa, nikiifuata kazi tuliyoifanya usiku ule.

Kwanza hakikisha ni ugonjwa huu

Tazama maandishi meusi juu ya meupe, au meupe juu ya meusi. Kama nayo yana ukungu, basi tatizo la kwanza ni jingine, na usianze kuhangaika na rangi. Mara nyingi runinga huwa inaikuza picha kidogo na kukata kingo zake, tabia iliyobaki tangu enzi za runinga za kioo kinene. Utaijua kwa kuwa upau wa chini wa kompyuta huwa umemegwa au haupo kabisa. Dawa yake imo kwenye menyu ya ukubwa wa picha: LG huiita `Just Scan`, kwenye Samsung tafuta `Fit to Screen` au `Screen Fit`, na Sony huiita `Full Pixel`. Sababu nyingine ya kawaida ni runinga ndogo za inchi 32 ambazo kioo chake kina pikseli 1366 kwa 768 lakini kompyuta inawapelekea 1920 kwa 1080; hapo kila herufi inabanwa, na hakuna setingi ya rangi itakayoikoa.

Ukiona mstari mweupe au kivuli kuzunguka herufi nyeusi, huo ni ukali wa bandia. Shusha `Sharpness` polepole hadi kivuli kitoweke, kisha acha hapo hapo.

Lakini kama maandishi meupe ni safi na ni yale ya rangi tu yanayovuja, hasa mekundu, buluu na zambarau, basi endelea kusoma. Kuna kipimo kingine cha haraka: piga picha ya skrini kwa kibonye cha kompyuta yenyewe, itume kwenye simu kwa njia isiyoibana picha, uikuze. Ikiwa huko iko safi, basi kompyuta inachora vizuri na uharibifu unatokea baada ya hapo, kwenye safari ya kwenda kiooni. Ya shemeji ilikuwa safi kabisa. Nane ilikuwa nane.

Kinachotokea kwenye rangi

Mtazame mchoraji wa harusi anapompamba bibi harusi. Piko huchorwa kwa ncha nyembamba, mstari mmoja mmoja, kwa sababu ndiyo inayobeba umbo la ua. Hina hujazwa kwa upana zaidi. Hina ikitoka nje ya mstari kidogo, jicho halishtuki, maana umbo limeshashikwa na piko.

Picha ya video hutengenezwa hivyo hivyo. Badala ya kutuma nyekundu, kijani na buluu ya kila pikseli, huitenganisha picha katika sehemu mbili: mwangaza, unaoitwa luma, na rangi, inayoitwa kroma. Jicho la mtu huona vijisehemu vidogo vya mwangaza vizuri kuliko vijisehemu vidogo vya rangi. Kwa hiyo wahandisi hutuma luma yote na kupunguza kroma. Si jambo la jana: runinga ya rangi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1953 ilifanya hivyo ili rangi iingie katika nafasi ile ile ya mawimbi iliyokuwa ikitumiwa na picha nyeusi na nyeupe.

Kiasi kinachopunguzwa huandikwa kwa tarakimu tatu. `4:4:4` maana yake hakuna kilichopunguzwa, kila pikseli ina rangi yake. `4:2:2` maana yake pikseli mbili zilizo ubavuni kwa ubavu zinagawana rangi moja. `4:2:0` maana yake pikseli nne, mbili juu na mbili chini, zinagawana rangi moja. Kwenye skrini ya 4K yenye pikseli 3840 kwa 2160, `4:2:0` inakuachia rangi ya 1920 kwa 1080 tu, robo ya ile ya mwanzo. Faida yake ni uzito: `4:2:2` inabeba theluthi mbili ya data, na `4:2:0` inabeba nusu.

Filamu za Blu-ray, matangazo ya runinga na video nyingi za mtandaoni huja zikiwa `4:2:0` tayari, na hakuna anayelalamika, kwa sababu uso wa mtu au mawimbi ya Bahari ya Hindi havibadiliki rangi ghafla kutoka pikseli moja hadi nyingine. Herufi hubadilika. Mguu wa herufi ndogo unaweza kuwa pikseli moja au mbili tu kwa upana, na pembeni yake ni rangi nyingine kabisa.

Tuchukue mstari mmoja mwekundu wa wima, upana wa pikseli moja, juu ya meusi. Kwa hesabu inayotumika kwenye runinga za HD, mwangaza wa nyekundu iliyokolea ni kama 54 kati ya 255. Kijani ni 182. Buluu ni 18 tu. Angalia hiyo tofauti, maana inaeleza kila kitu: nyekundu na buluu zina piko kidogo sana, karibu umbo lao lote liko kwenye hina. Sasa pikseli nyekundu inagawana rangi na jirani yake mweusi, na kila mmoja anapata nusu. Pikseli iliyokuwa 255, 0, 0 inarudi ikiwa takriban 155, 27, 27, yaani nyekundu iliyofifia. Jirani yake aliyekuwa 0, 0, 0 anarudi akiwa 100, 0, 0, wekundu wa giza mahali pasipotakiwa kuwa na kitu. Mstari mmoja umekuwa miwili, mmoja umepauka na mwingine ni doa.

Hilo doa ndilo lililokuwa limejaza matundu ya nane ya shemeji. Tundu la nane katika herufi ya kawaida ni pikseli chache tu, na kila ukingo ulimwaga wekundu ndani yake.

Maandishi mekundu juu ya meupe huumia pia, ila kidogo: jirani mweupe hupata uwaridi hafifu wa kama 255, 228, 228, lakini tofauti ya mwangaza baina ya 54 na 255 ni kubwa, kwa hiyo umbo hubaki. Meupe juu ya meusi hayaguswi kabisa, kwa sababu hayana rangi ya kugawana. Na mekundu juu ya buluu ndiyo mabaya kuliko yote: mwangaza ni 54 dhidi ya 18, piko hakuna, kilichobaki ni hina tupu.

Ukurasa wa kupimia

Usipime kwa kutazama ukurasa wowote uliopo. Tengeneza wako. Fungua programu ya kuandikia maandishi matupu, bandika haya, hifadhi kwa jina `jaribio.html`, kisha lifungue kwenye kivinjari.

```html
<meta charset="utf-8">
<body style="margin:20px;background:#000;font:16px Arial">
<p style="color:#fff">Nyeupe 3 6 8 B 0</p>
<p style="color:#f00">Nyekundu 3 6 8 B 0</p>
<p style="color:#0f0">Kijani 3 6 8 B 0</p>
<p style="color:#f00;background:#00f">Mekundu juu ya buluu 3 6 8</p>
<div style="height:80px;background:repeating-linear-gradient(90deg,#f00 0 1px,#00f 1px 2px)"></div>
<br>
<div style="height:80px;background:repeating-linear-gradient(180deg,#f00 0 1px,#00f 1px 2px)"></div>
```

Kabla ya kuusoma, kuna mtego mmoja unaowadanganya wengi. Windows ikiona runinga kubwa ya 4K hupenda kukuza kila kitu hadi asilimia 200 au hata 300. Ukiacha hivyo, mstari wa pikseli moja unachorwa kwa pikseli mbili au tatu, na kipimo kinakuonyesha usafi wa uongo. Nenda `Settings`, `System`, `Display`, weka `Scale` iwe `100%` kwa muda, na ukuzaji wa kivinjari pia uwe `100%`. Herufi zitakuwa ndogo kama sisimizi, ni sawa, ni za kupimia tu.

Sasa sogea karibu, au weka kamera ya simu inchi chache kutoka kwenye kioo. Tazama visanduku viwili vya milia. Cha juu kina milia ya wima, cha chini kina milia ya mlalo.

Kama visanduku vyote viwili vina milia myekundu na ya buluu iliyotengana, unapata `4:4:4` na huna tatizo. Kama vyote viwili vimegeuka zambarau, na huoni nyekundu wala buluu hata ukikaribia, hiyo ni `4:2:0`. Na kama cha juu ni zambarau lakini cha chini kina milia safi, hiyo ni `4:2:2`, kwa sababu inagawanya rangi ubavuni tu na haigusi juu na chini. Mimi nakitegemea kipimo hiki kuliko maelezo ya kwenye kasha, maana kinapima kilichofika kiooni.

Unapopiga picha ya kioo, ichunguze kwenye simu yako mwenyewe. Ukiituma kwa WhatsApp itabanwa, na kubanwa kwenyewe hupunguza kroma. Utakayemtumia ataona uchafu ambao hukuwa nao.

Kwa shemeji visanduku vyote viwili vilikuwa zambarau.

Hatua ya kwanza: fungua mlango wa runinga

HDMI ina upana wake. Toleo la 1.4 linapitisha gigabiti 10.2 kwa sekunde, la 2.0 linapitisha 18, la 2.1 hadi 48. Picha ya 4K mara 60 kwa sekunde, ikiwa na rangi kamili ya biti 8, inahitaji takriban 17.8. Inaingia kwenye 2.0 kwa kubanana, na haiingii kabisa kwenye 1.4. Ndiyo maana 4K ya mara 60 kwenye mlango mwembamba huja ikiwa `4:2:0`: nusu ya uzito ndiyo inayopita.

Runinga nyingi za 4K zina mlango wa 2.0 lakini hutoka kiwandani ukiwa umefungwa nusu, ili vifaa vya zamani visichanganyikiwe. Kompyuta inapochomekwa huiuliza runinga inaweza kupokea nini, runinga inajibu kwa unyenyekevu, na kompyuta inatii. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna onyo. Ndiyo maana mtu hukaa miezi bila kujua.

Setingi ya kuufungua ina jina tofauti kwa kila chapa. Kwenye LG tafuta `HDMI ULTRA HD Deep Colour` au `HDMI Deep Colour`. Samsung huiita `HDMI UHD Color`, na kwenye runinga zake za baadaye `Input Signal Plus`. Sony huiita `HDMI signal format`, na unachagua `Enhanced format`. Kwenye chapa nyingine angalia menyu ya HDMI, uchague toleo la juu kuliko lililopo. Setingi hii huwekwa kwa kila mlango peke yake, kwa hivyo hakikisha ni mlango ule uliochomeka kompyuta. Na kwenye baadhi ya runinga si milango yote inayoweza. Soma maandishi madogo nyuma, penye tundu lenyewe, mara nyingine pameandikwa `4K@60Hz` kwenye moja au mbili tu.

Ukimaliza, chomoa HDMI kisha uichomeke tena, au zima vyote uwashe upya, ili kompyuta iulize swali lake tena na ipate jibu jipya.

Kuhusu kebo nizungumze hapa niyamalize, maana watu wanapoteza hela. Kebo mbovu haifanyi maandishi mekundu yavuje. Mawasiliano haya ni ya kidijiti: kebo isiyotosha huleta vidoa vinavyometameta, skrini inayozima na kuwaka, au giza tupu. Ukiona hayo baada ya kufungua mlango, basi badilisha kebo, na tafuta iliyoandikwa `Premium High Speed`, fupi kadri unavyoweza. Vinginevyo weka pesa yako mfukoni.

Hatua ya pili: itazame kompyuta inatuma nini

Kwenye Windows fungua `Settings`, `System`, `Display`, kisha `Advanced display`. Chagua runinga, na utaona kilichoandikwa mbele ya `Color format`. Unataka `RGB` au `YCbCr444`. Kwa shemeji, kabla hatujafungua mlango, palisomeka `YCbCr420`.

Ikiwa kompyuta ina kadi ya NVIDIA, ingia `NVIDIA Control Panel`, `Change resolution`, teua `Use NVIDIA color settings`, halafu kwenye `Output color format` weka `RGB` na kwenye `Output dynamic range` weka `Full`. Kama `RGB` haimo kwenye orodha, mlango wa runinga bado umefungwa, rudi hatua ya kwanza. Kwa AMD, ndani ya programu ya Adrenalin, fungua setingi za `Display` na utafute `Pixel Format`, chagua `RGB 4:4:4 Pixel Format PC Standard (Full RGB)`.

Baada ya kuweka `RGB`, angalia weusi. Ukiwa umegeuka kijivu, au kinyume chake vivuli vyote vimemezwa na giza, runinga na kompyuta hazijakubaliana kuhusu kipimo cha weusi. Kwenye menyu ya picha ya runinga badilisha `Black Level` au `HDMI Black Level` hadi zikubaliane. Hilo halihusiani na kuvuja kwa rangi, lakini hujitokeza wakati huu huu na huwatisha watu wakarudi walikotoka.

Zima HDR, ile hali ya picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, ukiwa kazini. HDR hutaka biti 10 kwa kila rangi, na 4K ya mara 60 yenye biti 10 na rangi kamili haitoshei kwenye HDMI 2.0. Baadhi ya kompyuta hapo hushuka hadi `4:2:2` kimyakimya. Iwashe usiku ukitazama filamu, asubuhi uizime.

Laptopu za zamani zenye HDMI 1.4, na adapta nyingi za bei nafuu za USB-C kwenda HDMI, haziwezi kutoa 4K ya mara 60 yenye rangi kamili hata ufanye nini. Una njia mbili. Shusha kasi hadi mara 30 kwa sekunde: rangi inakuwa kamili, lakini mshale wa kipanya unaburutika, na mimi binafsi nachoka nayo ndani ya saa moja. Au shusha ukubwa hadi 1920 kwa 1080 kwa mara 60, ambayo hupita kwa raha hata kwenye mlango wa zamani. Nafasi inapungua, lakini kwa mtu anayesoma namba kutwa nzima naona hiyo ndiyo bora.

Tulipofungua mlango na kuichomeka upya, `Color format` ikasoma `RGB`. Shemeji akashusha pumzi. Nikafungua ukurasa wa kupimia: kisanduku cha chini kilikuwa na milia safi, nyekundu na buluu. Cha juu bado zambarau. "Si umesema sasa ni RGB?" akauliza.

Hatua ya tatu: iambie runinga kwamba hiyo ni kompyuta

Hapa ndipo wengi huachia njiani, kwa kuwa kila kitu kwenye kompyuta kinasema sawa. Ni kweli kompyuta ilikuwa inatuma rangi kamili. Lakini runinga, baada ya kuipokea, huipitisha kwenye kiwanda chake cha ndani: kulainisha mwendo, kupunguza chembechembe, kukoleza rangi za ngozi. Kiwanda hicho kilijengwa kwa ajili ya filamu, na kwenye runinga nyingi kinafanya kazi kwa `4:2:2`. Rangi ya milia ya wima inapotea ndani ya runinga yenyewe, na hakuna namna kompyuta itakavyojua.

Runinga nyingi huwa na njia ya kukiruka kiwanda hicho. Kwenye Samsung na LG njia hiyo ni kuubadilisha jina mlango wa HDMI: ingia kwenye orodha ya vyanzo vya picha, chagua mlango wako, bonyeza kuhariri, na uupe jina au alama ya `PC`. Si kuandika herufi P na C kwa kibodi ya rimoti. Ni kuchagua `PC` kutoka kwenye orodha ya alama walizoweka wao. Kwa Sony chagua hali ya picha ya `Graphics`, na kama haipo jaribu `Game`. Kwenye chapa nyingine jaribu `PC`, kisha `Game`, ukitazama kisanduku cha milia ya wima kila unapobadilisha. `Game` pekee haitoshi kwenye kila runinga: inapunguza ucheleweshaji, lakini si lazima irudishe rangi.

Runinga za HD za zamani mara nyingi zina mlango ulioandikwa `HDMI/DVI`, na huo ndio wa kutumia kwa kompyuta, ukiupa jina la PC. Kama hata huo haukubali, na runinga ina tundu la VGA, lijaribu. Ni la analogi, picha yake haitakuwa kali sana, lakini runinga hulichukulia kuwa ni la kompyuta tangu mwanzo na mara nyingi rangi hupita bila kukatwa.

Nikabadilisha jina la mlango wa shemeji. Skrini ikazima sekunde moja, ikawaka, na rangi zikapoa kidogo kwa vile ukolezaji umeondoka. Kisanduku cha juu kikafunguka: mstari mwekundu, mstari wa buluu, mstari mwekundu, hadi mwisho. Nikamfungulia orodha yake. Alisimama, akaweka kidole kwenye ile namba, akasoma tarakimu zote saba kwa sauti, akazilinganisha na karatasi mezani. Ilikuwa sita.

Ukimaliza hatua zote na bado rangi inavuja

Zipo runinga ambazo haziwezi kupitisha `4:4:4` kwa njia yoyote. Zipo pia zinazoweza kwa mara 60 kwa sekunde lakini si kwa 120. Ukishajaribu kila mlango na kila hali ya picha, na milia ya wima bado ni zambarau, umefika ukingoni mwa kifaa chenyewe.

Hapo badilisha kile unachokitazama. Ongeza `Scale` iwe 150 au 200, maana mguu wa herufi ukiwa na pikseli nne kwa upana, katikati yake hubaki na rangi kamili na doa hubaki kingoni. Chagua rangi zenye mwangaza wa kutosha: juu ya meusi tumia manjano, kijani au samawati ya mwanga badala ya nyekundu na buluu. Shemeji angeweza kuandika makontena yake yaliyochelewa kwa manjano na nane zingesomeka hata siku ile ya kwanza. Au acha maandishi yawe meupe na upake nyekundu iliyoiva kwenye mandhari ya mstari mzima. Eneo pana la rangi halidhuriki, na weupe wa herufi unabeba umbo kwa luma.

Jambo la mwisho ni kwa wale ambao hata maandishi yao meusi juu ya meupe yana vijirangi pembeni, wekundu upande mmoja na buluu upande mwingine. Windows huchora herufi kwa kutumia vitaa vidogo vitatu vilivyo ndani ya kila pikseli, ikitarajia mpangilio wa nyekundu, kijani, buluu. Kila ukingo wa herufi hupewa rangi kidogo kwa makusudi, na kroma ikipunguzwa, rangi hizo humwagika. Lakini runinga nyingine zina vitaa vilivyopangwa kinyume, buluu kwanza, na hizo huonyesha vijirangi hata zikiwa kwenye `4:4:4` kamili. Ukurasa wa kupimia ndio utakaokuambia: milia ikiwa safi na herufi nyeusi bado zina vijirangi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cttune`, na ufuate vipimo vyake ukichagua mfano ulio safi zaidi kwa macho yako. Isiposaidia, ondoa alama kwenye `Turn on ClearType`, na herufi zitachorwa kwa kijivu tu, ambacho hakina kroma ya kupotea.

Usisahau kurudisha `Scale` mahali ilipokuwa. Shemeji alinipigia tena kesho yake asubuhi akiuliza kwa nini herufi zote zimekuwa ndogo hivi.